Hoja Iliyonikasirisha

Niliipa insha ile alama nne juu ya ishirini, na niliipa kwa hasira. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikosea kwa kutojua kazi. Kazi nilikuwa naijua. Nilikuwa nimefundisha Kifaransa hapa Likasi miaka kumi na minane, nimeitwa kusahihisha insha za mtihani wa taifa mara sita, na kalamu nyekundu niliibwaga mezani kwa ghadhabu. Kulikuwa na baridi, maana ulikuwa mwanzo wa kiangazi, na kwetu kiangazi huanza na baridi, na vioo vya ukumbi wa kusahihishia vilikuwa vimeondoka tangu siku mji ulipoporwa. Lakini si baridi iliyoiandika ile nne.

Tulikuwa walimu kama thelathini, meza tano au sita, katika ukumbi wa shule ambayo sitaitaja. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka jinsi ulivyopenda, ingawa mabwawa ya umeme ya Mwadingusha hayako mbali na sisi na maji ya mto Lufira hayakuwa yamegoma. Waliogoma walikuwa watu, na walikuwa na haki. Mshahara wa serikali ulikuwa umegeuka hadithi. Wenzetu wengi wenye asili ya mkoa wa Kasai, na kati yao walimu bora wa sarufi niliowahi kuwajua, walikuwa wamefukuzwa mjini, wakalala kituo cha treni na watoto wao mpaka wakaondoka. Tuliobaki tulifundisha kwa sababu wazazi walitulisha. Huyu analeta unga, huyu makaa, huyu kuku, huyu mafuta ya mawese katika chupa ya bia. Shule ilibaki wazi kwa njia hiyo, na mimi nilikuwa najivunia kwamba ilibaki wazi.

Mkuu wa meza yetu alikuwa mzee mwembamba, inspekta wa zamani, aliyevaa koti lile lile siku zote na kubeba chaki zake mwenyewe mfukoni. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujagusa rundo lolote, alisimama ubaoni akaandika maswali matatu. Kila insha ina teze, alisema, yaani hoja kuu, jambo lile moja ambalo mwandishi anataka tulikubali. Tukishaitafuta na kuipata, tuiulize hoja hiyo: je, mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga? Je, ni jambo moja, lenye mipaka? Na je, liko hai mpaka mstari wa mwisho?

Kisha akatugawia insha tatu za mazoezi, wote zile zile, ili vipimo vyetu vifanane. Ya kwanza ilidai kwamba shule ni muhimu kwa maisha. Mwalimu mmoja kijana akaipa kumi na mbili kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa kisafi. Mkuu wa meza akamuuliza ni nani mji huu wote atakayesimama aseme shule si muhimu. Kijana akakiri kwamba hayupo. "Basi hakuna mahali pa kubishania," mzee akasema, na alama za hoja zikafutwa. Ya pili ilidai kwamba elimu, siasa, uchumi na maadili ya Afrika nzima yameharibika. Hiyo ingeweza kupingwa, lakini haikuwa na mipaka. Kurasa nne haziwezi kubeba bara zima, na kila aya ilikuwa ikikimbilia upande wake. Ya tatu ilianza vizuri sana. Ilisema kwamba mtoto anayefanya kazi machimboni anajifunza kuhesabu haraka kuliko wa darasani. Ilipofika ukurasa wa tatu ilikuwa imesahau machimbo, inasifu uzalendo. Mzee akachora mstari wa kalamu pale ilipopotea, akasema hapo ndipo mwandishi alipoenda nyumbani na kutuacha peke yetu.

Akaongeza jambo moja zaidi, na alilisema akitutazama usoni. Msahihishaji haulizwi kama anaikubali hoja. Anaulizwa kama imesimama.

Niliitikia kwa kichwa kama wengine. Mambo hayo nilikuwa nayajua tangu chuoni.

Hapa lazima nieleze habari ya karatasi, kwa sababu bila hiyo hadithi hii haina maana. Miaka ya Chama kimoja, mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha iliyochukua upande. Haukuwa upande mbaya, ila ulikuwa upande. Baba yake aliitwa ofisini kwa Chama mara tatu, na mimi niliitwa mara moja, na mara moja ilinitosha. Tangu hapo nikawatungia wanafunzi hitimisho ambalo haliwezi kumfunga mtu. Kwa Kifaransa lilikuwa na mlio mzuri sana. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Kwa ujumla, kila jambo lina uzuri wake na ubaya wake, na ni juu ya kila mtu kuchagua njia ya katikati." Chama kikapoteza meno, lakini mimi sikuliacha. Nikalipiga kwa stensili katika karatasi moja, pamoja na mianzo mitatu na maneno ya kuunganisha aya, na karatasi hiyo ikaanza kutembea. Ilifika Kambove. Ilifika Kapolowe. Wazazi walikuja mlangoni kwangu kuiulizia, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Jina langu halikuwa juu yake.

Katika ukumbi ule wa kusahihisha, ile sentensi ilikuwa imegeuka kichekesho. Kila baada ya insha chache mtu aliguna na kusema, "Njia ya katikati, tena." Walicheka. Na kulikuwa na tabia iliyozuka meza zote bila mtu kuiamuru: ukiiona ile sentensi, unaacha kusoma. Hakukuwa na haja ya kuendelea. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuandika kitu cha maana baada yake, kwa sababu karatasi yangu iliishia hapo. Unajumlisha alama, unachukua insha nyingine. Mimi nilicheka nao, na niliacha kusoma pamoja nao.

Swali la mwaka ule liliuliza kama shule bado inamwandaa kijana kwa maisha. Siku ya tatu, kabla ya saa sita, nikaivuta kutoka kwenye rundo ile insha. Haikuwa na jina, maana insha zote zilikuwa na namba tu. Rundo lilikuwa la wanafunzi wa sehemu ya fasihi, na mtahiniwa wa fasihi akipata chini ya nusu kwenye insha, basi mtihani mzima alikuwa karibu ameshaanguka. Mwaka mwingine wa kurudia, nyakati zile, wazazi wachache waliuweza. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Mwandiko ulikuwa mdogo, umelala kulia. Mwishoni mwa aya ya kwanza iliandikwa kwa Kifaransa cha wazi kabisa: shule ya mji wetu ingeweza bado kumwandaa kijana, lakini imekoma tangu siku mzazi alipoanza kumlisha mwalimu, kwa sababu mkono uliopokea unga hauwezi tena kuandika sifuri.

Niliisoma mara mbili.

Huyu ni nani, nilijiuliza, huyu aliyekalia dawati ambalo lingekuwa kuni kama si sisi? Nilifikiri mke wangu anavyoamka alfajiri kukaanga mandazi ya kuuza kwenye njia ya kiwanda kilichofungwa nusu. Nilifikiri viatu vyangu. Nilifikiri wanafunzi niliowaangusha ingawa nilikula kwao, na nikawahesabu kwa majina, wakafika wawili, kisha sikupata wa tatu na hilo likanikasirisha zaidi. Nikaendelea kusoma huku nikitafuta makosa kama mtu anayetafuta chawa. Nilipokuta aya nzima juu ya kuku, nikaandika kwenye orodha yangu: nje ya mada. Nilipofika aya ya mwisho, chini kabisa ya ukurasa wa nne, nikaikuta sentensi yangu. Nikacheka kwa pua. Unanitukana, halafu unakula chakula changu. Nikaacha kusoma, nikaandika nne, na kwenye sababu nikaandika: matusi, si hoja.

Kila insha ilisomwa na wawili. Msomaji wa pili wa rundo langu alikuwa mama mmoja mwalimu, amekulia upande wa Mulungwishi, mwana wa misheni, kitambaa kichwani na sweta mbili. Hakuwa akiona alama yangu, kwa maana tuliziandika kwenye orodha tofauti. Nilimwona alipokuwa na insha ile. Alikuwa na penseli, si kalamu, na pembeni mwa kila aya aliandika maneno machache sana, kisha akarudi juu, akalinganisha. Alikaa nayo muda mrefu kuliko nyingine. Mara moja nilimwona anaweka penseli chini na kutazama dirisha lisilo na kioo.

Mkuu wa meza alipolinganisha orodha zetu, akatuita wote wawili.

"Moya alipatia ine, mwingine kumi na tano," alisema. "Hii haiko tofauti ya bamwalimu babili. Hapa moya wenu hakusoma."

"Minye nilisoma, chef," nikasema. "Ni matusi tu. Matusi haiko teze."

Mama akavuta kiti. "Matusi ya nani, mwalimu?"

"Ya shiye bote. Anasema banatununua na unga."

"Na weye unasema nini? Ni bongo, haiko kweli?"

"Ni bongo kabisa. Minye nilikula kwa bantu na niliangusha batoto yabo."

"Basi unaikatala hii teze."

"Naikatala."

"Unaweza kutoa sababu?"

"Naweza kutoa sababu kumi."

Akamgeukia mzee. "Chef, umesikia. Muntu mwenye akili anaikatala, na iko na sababu kumi. Ile swali ya kwanza imeisha."

Mzee akaweka alama ndogo kwenye karatasi yake. Walimu wawili wengine wa meza yetu walikuwa wameacha kusahihisha ili wasikilize, na mmoja alikohoa kuficha kicheko. Sijawahi kupenda kushindwa na mtu mwenye sauti ya chini.

"Chef," nikasema, "angalia kwanza ile kuku. Swali ni ya shule. Kuku inafanya nini mule? Hii kopi ya mutoto inazunguka tu."

Mama hakunijibu moja kwa moja. Aliiweka insha katikati ya meza na kutuonyesha maandishi yake ya penseli. Mbele ya kila aya alikuwa ameandika kwa maneno machache kile ambacho aya hiyo inasema, na chini yake: kwa hiyo? Alieleza kwamba ndivyo alivyofundishwa na mtawa mmoja zamani. Kama jibu la "kwa hiyo" linarudi kwenye hoja kuu, aya iko ndani. Kama halirudi, aya imepotea, hata iwe nzuri namna gani.

Akasoma. Aya ya pili: mwalimu alimwangusha mtoto wa familia moja, unga ukakatika mwezi ule ule, na hakuna mtoto wa familia ile aliyeanguka tena. Kwa hiyo? Mkono umejifunza. Aya ya tatu: darasa zima limepita, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwandikia mjomba wake barua. Kwa hiyo? Alama zimepanda na shule imeshuka. Aya ya nne ndiyo ya kuku. Mama yake mwandishi alileta kuku siku ya Alhamisi. Ijumaa sifuri ya imla ikawa sita, na makosa yakabaki pale pale kwenye daftari, yamezungushiwa wino mwekundu, kumi na saba.

"Kwa hiyo?" mama mwalimu akaniuliza.

Nikaisoma tena ile kumi na saba.

"Mwalimu, kuku haiko nje. Kuku njo ushahidi. Mutoto hakusema shule ya Afrika, hakusema serikali. Alisema mukono moya, na sifuri moya. Alikata kiloko, kidogo tu, akabakia palepale."

Mzee akaweka alama ya pili. Aya ya tano ilinikera kuliko zote, kwa sababu ndani yake mwandishi alinijibu kabla sijasema. Ilisema kwamba watu watadai kuwa bila wazazi shule zingefungwa, na kwamba hilo ni kweli. Shule iko wazi. Lakini duka lisilo na kitu nalo linaweza kuwa wazi, na mlango wazi hauthibitishi kwamba ndani kuna mzigo. Mzee alisoma aya hiyo mara mbili, akatabasamu kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema wengi wakikutana na pingamizi hubadili upande wakidhani ndiyo adabu ya insha. Huyu amelipokea pingamizi, amelikubali pale lilipo kweli, na bado ameshikilia lake.

Nilikuwa nimebakiwa na swali la tatu tu, na nililishika kwa mikono miwili.

"Sawa," nikasema. "Inapingika. Ni moya. Lakini chef, ulituambia iishi mpaka mustari ya mwisho. Soma mwisho. Ilikufa."

Nikaichukua insha mwenyewe na kusoma kwa sauti, polepole, ili kila mtu asikie. Mwandishi alikuwa ameandika: "Nimefika mwisho, na kama nilivyofundishwa nitasema kwamba kwa ujumla kila jambo lina uzuri wake na ubaya wake, na ni juu ya kila mtu kuchagua njia ya katikati." Wale walimu wawili wakaguna kwa pamoja. Nikaiweka karatasi mezani na kuipiga kwa kidole.

"Kurasa ine anasema mukono hauwezi kuandika sifuri, kisha anasema chagua njia ya katikati. Alitoka. Alienda ku nyumba, chef, maneno yako mwenyewe."

Nilikuwa na haki, na nilijua nina haki. Hoja inayoachwa mlangoni si hoja iliyodumu. Mzee akashusha pumzi, na uso wake ukaonyesha kwamba hakufurahi.

"Ni kweli," akasema. "Ile sentensi inaua yote. Kama teze inakufa mu mwisho, siwezi kuitia nusu. Tisa."

Tisa. Chini ya nusu kwa alama moja. Alianza kuandika. Na hapa, nikisema ukweli, furaha yangu haikukaa hata dakika. Nilikuwa naitazama ile sentensi kwenye mwandiko mdogo uliolala kulia, na kwa mara ya kwanza niliiona ilivyo. Insha yenye mifupa, insha ambayo sikupata wanafunzi watatu walioandika ya namna hiyo katika miaka kumi na minane, ilikuwa inaangushwa, na kilichokuwa kinaiangusha ni maneno niliyoyatunga mimi kwa woga, nikayauza kwa unga wakati woga wenyewe ulikuwa umekwisha. Hasira ikanigeukia. Nilitaka kusema kwamba mtoto huyu hakuiandika sentensi hii, amelishwa. Lakini nilijua jibu la mzee kabla sijafungua mdomo: tunasahihisha kilichoandikwa, hatumsahihishi aliyefundisha. Na lingekuwa jibu sahihi.

Kwa hiyo nilikaa kimya. Hilo nalo naliandika hapa. Nilikaa kimya.

Mama alikuwa anazungusha penseli yake kati ya vidole. Alimgusa mzee mkono wenye kalamu, taratibu, kama mtu anayezuia mtoto asimwage maji.

"Chef, ngoja." Kisha kwangu: "Mwalimu, geuza."

"Nigeuze nini?"

"Karatasi. Geuza."

Nikaigeuza. Nyuma ya ukurasa wa nne, juu kabisa, kulikuwa na mistari minne. Wengine ukumbini, wakiiona sentensi ile kwenye insha yoyote, waliishia pale pale. Mimi niliyeitunga niliishia pale kabla ya wote. Mama peke yake alikuwa amefika huku.

"Soma kwa nguvu," akasema. "Ulisoma bizuri ile ingine."

Nikasoma. Niliisoma kwa Kifaransa, nikisikia sauti yangu inapungua kila mstari, na hapa naiandika kadiri Kiswahili changu kinavyoweza: "Sentensi hiyo baba yangu aliinunua kwa ndoo ya unga kutoka kwa mwalimu. Mimi sijui kama ni ya kweli, na nimeichunguza insha hii yote sikuona mahali inapofanya kazi. Nadhani aliyeitoa naye hajui. Alipokea unga, akatoa sentensi, na hakuna mtu aliyemwandikia sifuri."

Hakuna aliyecheka. Meza ya pili waliendelea kugeuza karatasi zao, na nje mtu alikuwa anakata kuni. Mzee alinyoosha mkono nikampa insha. Akasoma mwenyewe mbele, akageuza, akasoma nyuma, akarudi aya ya kwanza kuitazama hoja, akageuza tena. Alikuwa mtu wa kanuni, na niliona kanuni yake inafanya kazi usoni mwake. Hoja ilisema mkono uliopokea unga hauwezi kuandika sifuri. Mstari wa mwisho ulikuwa sifuri hiyo hiyo.

"Haikutoka," akasema hatimaye. "Ile sentensi aliileta juu ya kutuonyesha ile unga inafanya nini." Akaikata tisa yake kwa mstari mmoja. Kisha, kwa sababu alama ya msahihishaji wa kwanza ilikuwa yangu na sheria ilitaka mimi mwenyewe niibadilishe na kuandika sababu, akanisukumia karatasi ya marekebisho na kalamu.

Nitasema nilichokuwa nikihisi, maana nimekuwa nikikisema vibaya kwa watu miaka hii yote, nikijifanya nilifurahi kuona akili ya namna ile. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira na mtoto kwa kunijua. Nilikuwa na hasira na baba yake aliyekuja na ndoo, akasimama mlangoni amevua kofia, akaondoka na karatasi moja ya stensili ameikunja vizuri mfukoni kama kitu cha thamani. Akina baba wa namna hiyo walikuwa wengi na siwezi kusema ni yupi. Nilikuwa na hasira na waliotuacha tule kwenye mikono ya watu tunaopaswa kuwahukumu watoto wao, kisha wakatuletea ubao na maswali matatu kana kwamba hakuna kilichotokea. Na chini ya hasira hizo zote kulikuwa na moja ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Ningeweza kumpinga mtoto yule kwa sababu kumi, nilisema, na nilipoishika kalamu nikatafuta hata moja ya kuandika pale, sikuipata. Nilichopata ni ile nne, ya mwandiko wangu, nyekundu, niliyoiandika kwa mkono mmoja kati ya ile mikono anayoisema mtoto.

Nikaandika kumi na sita. Chini yake, kwenye nafasi ya sababu, nikaandika kwamba hoja inapingika, ni moja, na imedumu mpaka neno la mwisho. Mzee akasoma, akaona haitoshi. Sheria ilitaka pia nieleze kwa nini alama ya kwanza ilikuwa chini. Nikaongeza: msahihishaji wa kwanza hakugeuza karatasi.

"Juu ya nini haukugeuza?" mzee akauliza. Hakuwa ananishitaki. Alitaka kujua tu, ili awaonye meza nyingine.

"Nilijua ile sentensi inaishia fasi gani, nyuma yake hakuna kitu," nikasema.

"Unaijua namna gani?"

Wale walimu wawili walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema kwamba kila mtu anaijua, na ingekuwa kweli, na ningeokoka.

"Ni yangu," nikasema. "Ile karatasi yote ni yangu."

Mzee alifunga kalamu yake. Akakusanya orodha, akaenda meza nyingine kuwaambia wageuze kila karatasi, hata wakiiona njia ya katikati. Nikamsikia akilirudia hilo meza kwa meza, na watu wakirudi nyuma kwenye marundo yaliyokwisha kufungwa, wakilalamika.

Mama alibaki. Alikuwa anafuta maandishi yake ya penseli pembeni mwa insha, moja moja, kama ilivyotakiwa, ili karatasi iende safi. Alipofika ukurasa wa mwisho akapuliza vumbi la kifutio.

"Na ule unga, mwalimu?" aliuliza, kwa sauti ya chini, meza nyingine zisisikie.

"Tulikula," nikasema. "Yote."